Asilimia 18 Inapozaa 19.56

Riba ya mwaka ikitajwa kwa namba moja, tuseme asilimia 18, habari bado ni nusu. Nusu ya pili ni mara ngapi kwa mwaka riba hiyo inahesabiwa na kuingizwa kwenye deni. Ikiingizwa mara moja tu, mwaka unapokwisha, aliyekopa shilingi 100 atadaiwa 118. Ikiingizwa kila mwezi, atadaiwa 119 na senti 56. Mikataba yote miwili inaweza kuandikwa "asilimia 18 kwa mwaka" bila mwandishi wake kusema uongo. Namba iliyoandikwa mkatabani ni riba ya kutajwa. Kiasi ambacho deni limekua kweli baada ya miezi 12, kikipimwa kama asilimia ya mkopo wa mwanzo, ndicho riba kamili ya mwaka. Riba ikiingizwa mara moja kwa mwaka, hizo mbili ni kitu kimoja. Ikiingizwa mara nyingi zaidi, riba kamili huwa kubwa kuliko ile ya kutajwa.

Tofauti hii huonekana vizuri zaidi kwa mkopaji ambaye halipi chochote mpaka mwaka uishe. Mfano mzuri ni mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba, ambaye fedha yake kubwa huja mara moja kwa mwaka, baada ya minada ya msimu. Tuseme mkulima huyo anataka shilingi 2,000,000 za kununulia salfa na kulipa vibarua wa kupalilia, na atalipa zote pamoja na riba baada ya miezi 12. Amepata wakopeshaji wawili. Wa kwanza anatoza asilimia 19, riba ikihesabiwa mara moja mwisho wa mwaka. Wa pili anatoza asilimia 18, riba ikiingizwa kwenye deni kila mwisho wa mwezi. Wengi wangekimbilia wa pili.

Hesabu ya wa kwanza haina kona. Asilimia 19 ya shilingi milioni 2 ni 380,000, kwa hiyo siku ya mwisho mkulima atadaiwa 2,380,000.

Hesabu ya wa pili huanza kwa kugawa asilimia 18 kwa 12, na kupata asilimia 1.5 kwa mwezi. Mwisho wa mwezi wa kwanza riba ni shilingi 30,000, na deni linakuwa 2,030,000. Mwezi wa pili asilimia 1.5 haihesabiwi tena juu ya milioni 2, bali juu ya 2,030,000. Riba yake ni 30,450, na deni linafika 2,060,450. Hizo shilingi 450 za ziada ni riba ya zile 30,000 za mwezi wa kwanza, ambazo sasa zimegeuka kuwa sehemu ya mkopo. Mwezi wa tatu riba ni karibu 30,907. Inaendelea hivyo kila mwezi, ikipanda kidogo kidogo, hata mwezi wa 12 riba ya mwezi huo mmoja inafika 35,338. Siku ya mwisho mkulima anadaiwa 2,391,236. Riba ya mwaka mzima ni shilingi 391,236, yaani asilimia 19.56 ya alichokopa. Mkopo uliotajwa kwa asilimia 18 umekuwa ghali kuliko ule wa 19, kwa shilingi 11,236.

Inafaa kujua hizo 391,236 zimetoka wapi. Shilingi 360,000 ni riba ya mkopo wenyewe: 30,000 kila mwezi, mara 12. Zilizobaki, 31,236, ni riba iliyozaliwa na riba, na nyingi kati yake mtu anaweza kuzihesabu kwa vidole. Riba ya mwezi wa kwanza hukaa ndani ya deni kwa miezi 11 zaidi, na kila mwezi inazaa shilingi 450. Riba ya mwezi wa pili inakaa miezi 10, ya mwezi wa tatu miezi 9, na kuendelea mpaka ile ya mwezi wa 11, inayokaa mwezi mmoja tu. Ukijumlisha 11, 10, 9 mpaka 1 unapata 66. Mara 66 ya shilingi 450 ni 29,700. Zinazosalia, shilingi 1,536, ni wajukuu wa deni, yaani riba juu ya riba ya riba. Kwa mwaka mmoja na kwa kiwango cha kadiri kama hiki, kizazi hicho cha tatu bado ni kidogo.

Kwa kanuni, hesabu yote hiyo hufupishwa hivi: riba ya kutajwa igawanywe kwa 12, jibu liongezewe 1, kisha lizidishwe kwa lenyewe mara 12, na mwisho 1 itolewe.

```
riba kamili = (1 + r/12)^12 − 1
(1 + 0.18/12)^12 − 1 = 0.1956
```

Si lazima kuwa na kompyuta. Kwenye kikokotoo cha simu ya kawaida mtu anaandika 1.015 × 1.015 × 1.015 na kupata takriban 1.045678. Jibu hilo analizidisha kwa lenyewe, anapata 1.093443. Hilo nalo analizidisha kwa lenyewe mara moja tu, na 1.195618 inatokea. Tatu, kisha mara mbili, kisha mara mbili tena, ni 12. Mwenye programu ya majedwali kama Excel ana njia fupi zaidi, kwa sababu hesabu hii imewekwa humo tayari:

```
=EFFECT(0.18,12)
```

Ipo pia njia ya kukadiria kichwani, nayo inashangaza kwa usahihi wake. Chukua asilimia iliyotajwa, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 200. Jibu ndilo pengo kati ya riba ya kutajwa na riba kamili. Kwa asilimia 18, 18 mara 18 ni 324, na ukigawa kwa 200 unapata 1.62, pengo la kweli ni 1.56. Kwa asilimia 12 makadirio ni 0.72, na pengo la kweli ni 0.68. Kwa asilimia 24 ni 2.88 dhidi ya 2.82. Njia hii hutosha mpaka karibu asilimia 36, kisha huanza kupungukiwa, maana juu ya hapo wale wajukuu wa deni wamekuwa wengi mno kupuuzwa.

Kwa kuwa asilimia inazidishwa kwa yenyewe, riba ya kutajwa ikiongezeka maradufu pengo huongezeka zaidi ya mara nne. Ndiyo sababu mwenye akiba inayolipwa asilimia 3 hana haja ya kujisumbua na suala hili: kwake tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya asilimia moja. Anayekopa kwa asilimia 5 kwa mwezi, ambayo ni 60 ya kutajwa, yuko mahali pengine kabisa. Riba yake kamili ni karibu asilimia 79.6.

Je, riba ikiingizwa kila siku badala ya kila mwezi, deni litapaa? Hapana, na watu wengi hukisia vibaya hapa. Asilimia 18 inayoingizwa mara mbili kwa mwaka inatoa riba kamili ya 18.81, mara nne kwa mwaka, 19.25, kila mwezi, 19.56, kila siku, 19.72. Hata ikiingizwa kila sekunde, jibu linabaki 19.72 ukikadiria kwa desimali mbili. Mwanahisabati Mswisi Jacob Bernoulli ndiye aliyelichunguza swali hili mnamo 1683, akaona kwamba kuongeza idadi ya vipindi hakulipeleki deni mbali bila kikomo. Uchunguzi wake ulifungua njia ya namba ambayo wanafunzi wa sekondari leo huiita e, ambayo ni karibu 2.718. Kwa mkopaji wa kawaida maana yake ni kwamba hatua ya kutoka mwaka kwenda mwezi ndiyo inayogharimu. Kutoka mwezi kwenda siku ni nyongeza ndogo, na tangazo linalojivunia riba "inayokua kila siku" kwa mweka akiba linajivunia kidogo sana.

Hesabu hii inaweza kugeuzwa. Tuseme chama cha akiba na mikopo kimeamua kwamba fedha yake ikue kwa asilimia 12 kamili kwa mwaka, nacho kinatoza riba kila mwezi. Kosa la haraka ni kugawa 12 kwa 12 na kutoza asilimia 1. Wakifanya hivyo watakuwa wanatoza asilimia 12.68 kamili, zaidi ya walichokubaliana mkutanoni. Kiwango sahihi cha mwezi ni karibu asilimia 0.949, ambacho kikizidishwa kwa 12 kinatoa riba ya kutajwa ya 11.39. Kwenye jedwali la kompyuta huandikwa `=NOMINAL(0.12,12)`. Kugawa kwa 12 kunaruhusiwa kwa riba ya kutajwa peke yake, kwa sababu hiyo kwa asili yake ni riba ya mwezi iliyozidishwa mara 12.

Mpaka hapa mkopaji wetu hajalipa kitu mpaka mwisho. Mikopo mingi ya benki haiko hivyo. Hulipwa kwa marejesho ya kila mwezi, na hapo hutokea swali linalowachanganya hata maofisa wa mikopo. Ikiwa mkopaji analipa riba yote ya mwezi kila mwezi ukiisha, hakuna riba inayobaki ndani ya deni. Riba juu ya riba inatoka wapi basi?

Tuseme mkulima wa korosho ana pia duka dogo linalomwezesha kulipa 30,000 kila mwisho wa mwezi, kisha milioni 2 mwisho wa mwaka. Mfukoni mwake zitatoka 360,000 za riba, yaani asilimia 18 kamili, wala si shilingi zaidi. Hata hivyo, riba kamili ya mkopo wake bado ni 19.56. Sababu ni muda. Shilingi 30,000 alizolipa mwezi wa kwanza zimemtoka miezi 11 kabla ya mwaka kuisha. Mkopeshaji anaweza kumkopesha mwingine kwa asilimia 1.5 ileile, naye akifanya hivyo kila mwezi, mwisho wa mwaka atakuwa na 391,236. Kwa upande wa mkulima, 30,000 hizo zingeweza kuongeza bidhaa dukani. Kama zingelala tu kwenye kopo chini ya kitanda, kuzilipa mapema hakukumgharimu chochote, na kwake gharama ya kweli ni 360,000. Riba kamili hupima thamani ya fedha pamoja na wakati wake, na haidai kwamba kiasi hicho cha shilingi kimelipwa mezani. Anayeisoma kama risiti anaikosea.

Kwa mweka akiba mambo ni yaleyale yakitazamwa kutoka upande wa pili. Amana ya shilingi 1,000,000 kwa asilimia 12 inayolipwa kila mwezi itafika 1,126,825 baada ya mwaka, ikiwa tu riba imeachwa humo. Anayeitoa kila mwezi kwa matumizi ya nyumbani atapata 10,000 mara 12, jumla 120,000, na riba kamili ya 12.68 itakuwa imebaki kwenye karatasi. Kodi ya zuio nayo ina sehemu yake. Nchini Tanzania asilimia 10 ya riba ikikatwa kila mwezi, asilimia 1 inakuwa 0.9 kabla haijaanza kuzaa, na mwaka unaishia kwenye asilimia 11.35.

Mkopaji anayeshika mkataba wenye lugha nzito anaweza kujua analotozwa kwa swali moja: nisipolipa kitu, nitadaiwa kiasi gani mwisho wa mwezi wa pili? Kwa mkopo wa milioni 2 na asilimia 18, jibu la 2,060,000 lina maana kwamba riba haijaanza kuzaa riba. Jibu la 2,060,450 lina maana kwamba inazaa kila mwezi. Namba halisi za benki zinaweza kuyumba kidogo, kwa kuwa benki nyingi huhesabu kwa siku: mwezi wa siku 31 unatoa riba ya 30,575, na Februari ya siku 28 inatoa 27,616. Mwaka ukiisha, kuyumba huko kunasawazika karibu kote. Lile ongezeko juu ya riba ya mwezi uliopita ndilo la kutafutwa.

Mambo mawili mengine hufichwa na riba ya kutajwa, na hayahusiani na uingizaji wa riba kila mwezi ingawa huchanganywa nao. La kwanza ni riba inayohesabiwa juu ya mkopo wote wa mwanzo hata baada ya sehemu yake kulipwa. Anayekopa 1,200,000 kwa "asilimia 1 kwa mwezi" ya namna hiyo hulipa 112,000 kila mwezi kwa miezi 12. Deni lake linapungua kila rejesho, lakini riba haipungui nalo. Kwa salio analodaiwa kweli, anatozwa karibu asilimia 1.79 kwa mwezi, na riba kamili ya mwaka ni kama 23.7. Pengo kati ya 12 na 23.7 ni kubwa mno kuelezwa kwa riba juu ya riba, ambayo ingeipandisha 12 mpaka 12.68 tu. Anayeona pengo la namna hiyo ajue anatazama kitu kingine.

La pili ni ada. Mkulima akikatwa asilimia 2 siku ya kupokea mkopo, mkononi anapata 1,960,000, lakini mwisho wa mwaka bado anadaiwa 2,391,236. Ukigawa deni hilo kwa alichopokea kweli, unapata ongezeko la asilimia 22. Ada ya mara moja imepandisha gharama kuliko uingizaji wa riba wa kila mwezi. Kanuni yenye alama ya kipeo haiwezi kuiona ada hiyo, kwa kuwa imepewa riba tu.

Sheria za nchi hazikubaliani ni namba ipi mkopaji aonyeshwe. Marekani, chini ya sheria ya 1968 kuhusu uwazi wa mikopo, kiwango cha mwaka kinachotangazwa kwa mkopo ni riba ya kipindi ikizidishwa kwa idadi ya vipindi, yaani namba ndogo, ada fulani zikiwa zimejumlishwa. Kwa akiba, sheria ya 1991 inataka lionyeshwe pato kamili la mwaka, yaani namba kubwa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hutumia namba kamili hata kwa mikopo. Mswahili wa London mwenye ndugu Houston asilinganishe kadi zao za mkopo kwa kusoma asilimia peke yake, maana herufi zilezile tatu za kifupi hicho, APR, hupima vitu viwili.

Kwenye mikopo mifupi ya simu, riba kamili hufikia namba za kutisha, na hapo ndipo inapohitaji kusomwa kwa uangalifu zaidi. M-Shwari ilipoanza Kenya mnamo Novemba 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Ukiichukua ada hiyo kama riba ya mwezi, ya kutajwa ni asilimia 90 kwa mwaka, na kamili ni 138. Anayekopa shilingi 10,000 mara moja, akailipa siku ya 30 na asirudi tena, amelipa 750 na basi. Hakuna 138 iliyomgusa. Mfanyabiashara anayekopa 10,000 hizohizo kila mwezi na kulipa 750 kutoka kwenye mauzo, kwa mwaka mzima atatoa 9,000, ambayo ndiyo ile 90 ya kutajwa. Ili deni la 10,000 lifike 23,818, ingebidi kila ada ya mwezi iongezwe kwenye mkopo wa mwezi unaofuata, mara 12 mfululizo. Anayepanga bajeti ya duka atumie 9,000. Anayelinganisha mkopo huo na wa SACCOS inayotoza asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio aweke 138 kando ya 12.68, kwa sababu hizo ndizo namba mbili zilizopimwa kwa kipimo kimoja.